Anayesubiri Asionekane: Zamu za Prosesa na Wastani wa Kusubiri

*Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wanafunzi na walimu wa kompyuta kutoka vyuo vya Nyanza na Magharibi, ikiwa imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.*

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika asubuhi hii kutoka Siaya, Kakamega, Busia na hapa hapa Kisumu, hamjambo.

Tuanzie kwenye kisiagi. Kila mmoja wenu amewahi kutumwa kusaga unga. Umebeba gorogoro moja ya mahindi, kilo mbili tu, na mbele yako kuna mtu aliyeshusha gunia zima la kilo 90. Yeye amekuja kwanza, hivyo anasagiwa kwanza. Nyuma yako wanazidi kuja watoto wenye gorogoro zao, na foleni inafika barabarani. Wote hao kazi yao ni ya dakika chache, lakini wanamsubiri mtu mmoja. Mashine haijalala hata sekunde moja, ila watu wengi wamesimama juani.

Prosesa ya kompyuta ina foleni kama hiyo. Programu nyingi ziko tayari kukimbia, kiini ni kimoja, na lazima mfumo endeshi uamue nani aingie. Leo nataka tulinganishe njia tatu za kuamua, kwa kipimo kimoja: wastani wa muda wa kusubiri. Kipimo hiki mnakikuta katika kila mtihani wa mifumo endeshi. Ninachowaomba ni msiishie kwenye kugawa kwa nne na kupata jibu. Kila wastani una mtu ndani yake, na wakati mwingine mtu huyo amefichwa.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Muda wa kusubiri ni muda ambao kazi iko tayari, imekaa kwenye foleni, na haijapewa prosesa. Ili kuupata, chukua saa kazi ilipomalizika, toa saa ilipofika, kisha toa muda ilioutumia ndani ya prosesa. Kama kazi ilisimama katikati kungoja diski au mtandao, toa muda huo pia, kwa sababu wakati huo haikuwa kwenye foleni ya prosesa. Mwanafunzi akisahau kipande hicho cha mwisho, programu inayosoma faili kila mara itaonekana imeonewa na mpangaji, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayoamua nani aingie, kumbe ilikuwa inangoja diski.

Tuchukue kazi nne, zote zimefika saa sifuri, kwa mpangilio wa A, B, C, D. A inahitaji milisekunde 20, B inahitaji 4, C inahitaji 6, na D inahitaji 2. Jumla ni 32. A ndiye mwenye gunia.

Tukifuata ada ya kisiagi, aliyetangulia ahudumiwe kwanza, A hasubiri kabisa. B anasubiri 20, C anasubiri 24, D anasubiri 30. Jumla ni 74, na wastani ni milisekunde 18.5. Mtazameni D. Kazi yake ni milisekunde 2, naye amesubiri 30. Hiyo si bahati mbaya ya D peke yake, ni tabia ya foleni yoyote ambayo kazi ndefu imeingia mbele ya kazi fupi: urefu wa mmoja unaongezwa kwenye kusubiri kwa kila aliye nyuma yake.

Sasa njia ya pili, kazi fupi kwanza. D anaingia na kumaliza saa 2. B anasubiri 2, anamaliza saa 6. C anasubiri 6, anamaliza saa 12. A anasubiri 12, anamaliza saa 32. Jumla ya kusubiri ni 20, wastani ni 5. Tumetoka 18.5 hadi 5, na prosesa haijafanya kazi zaidi wala pungufu. Saa ya mwisho kabisa bado ni 32.

Wengi mnakariri kwamba hakuna mpangilio utakaoshinda huu. Afadhali muione sababu, kwa kuwa ni fupi na ukishaiona huisahau. Rudini kwenye mpangilio wa kwanza, mbadilishane nafasi A na B tu. A, ambaye alikuwa mbele, sasa anasubiri 4 zaidi. B, ambaye alikuwa nyuma, amepunguziwa 20. C na D hawajui kama kuna kilichobadilika, kwa maana mbele yao bado kuna kazi ya 24. Jumla imepungua kwa 16, kwa hiyo wastani umeshuka kwa 4, kutoka 18.5 hadi 14.5. Kila mahali utakapoona kazi ndefu imekaa mbele ya fupi inayoifuata, ukizigeuza jumla inapungua kwa tofauti ya urefu wao. Endelea kugeuza hadi hakuna jozi iliyobaki, na utajikuta umezipanga kuanzia fupi hadi ndefu. Chini ya hapo hakuna pa kushukia.

Angalieni masharti ya hoja hiyo, maana ndipo watu wanapoteleza. Inadai kazi zote ziwe zimeshafika, na urefu wa kila moja ujulikane kabla haijaanza. Tutarudi kwenye masharti yote mawili.

Njia ya tatu ni zamu kwa zamu, ile inayoitwa raundi robin. Kila kazi inapewa kipande cha muda. Kikiisha kabla kazi haijamalizika, inatolewa na kupelekwa mwisho wa foleni. Tuseme kipande ni milisekunde 4. Mpangilio unakuwa hivi:

```
0    4    8    12   14   18   20            32
| A  | B  | C  | D  | A  | C  | A           |
```

B amemaliza saa 8, D saa 14, C saa 20, A saa 32. Tukitoa muda wa kazi yenyewe, A amesubiri 12, B 4, C 14, D 12. Jumla 42, wastani 10.5. Kwa hiyo zamu kwa zamu imekaa katikati, mbali na ubora wa fupi kwanza, lakini afadhali sana kuliko aliyetangulia. Na jambo zuri ni kwamba hakuna aliyehitaji kujua urefu wa kazi ya mtu. D amepita haraka kwa sababu tu kazi yake imetosha ndani ya kipande kimoja.

Hapa ndipo wengi hufunga daftari wakiandika kwamba zamu kwa zamu hupunguza wastani wa kusubiri. Nawaomba mlifungue tena, kwa sababu sentensi hiyo si kweli. Tuchukue kazi nne nyingine, kila moja milisekunde 8. Jumla ni ile ile 32. Kwa aliyetangulia kwanza, wanasubiri 0, 8, 16 na 24, wastani 12. Fupi kwanza haina la kuongeza, kwa sababu hakuna aliye mfupi kuliko mwenzake, hivyo nayo ni 12. Sasa tuzungushe kwa vipande vya milisekunde 2. Kila kazi inahitaji vipande vinne. Mizunguko mitatu ya kwanza inakula milisekunde 24 na hakuna hata mmoja aliyemaliza. Katika mzunguko wa nne ndipo wanatoka, saa 26, 28, 30 na 32. Kusubiri kwao ni 18, 20, 22 na 24. Wastani ni 21.

Kutoka 12 hadi 21, karibu mara mbili, na kazi ni zile zile. Fikirieni watu wanne wenye madebe sawa pale kisiagini, na msagaji anamwagia kila mmoja robo debe kwa zamu. Wote wanaona unga wao ukianza kutoka mapema, na wote wanarudi nyumbani wamechelewa. Wa kwanza, ambaye angekuwa ameshafika kwake na sufuria iko jikoni, sasa anatoka pamoja na wengine. Hakuna aliyepata faida ya kumaliza mapema. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na hapa wamesema kweli kwa hesabu kabisa.

Kwa nini basi njia hii ikatumiwa? Kwa sababu kuna swali jingine ambalo wastani wa kusubiri haulijibu: nitaguswa lini kwa mara ya kwanza? Katika mfano huu wa kazi za 8, kwa zamu kwa zamu wanaanza saa 0, 2, 4 na 6, wastani wa 3. Kwa aliyetangulia wanaanza saa 0, 8, 16 na 24, wastani wa 12. Mtu aliyebonyeza kitufe anataka kuona herufi ikitokea, hata kama kazi yote haijaisha. Mahitaji hayo ndiyo yaliyoileta mifumo ya kugawana muda kama CTSS, iliyoonyeshwa pale MIT mwaka 1961 chini ya Fernando Corbató, ambapo watu kadhaa waliketi kwenye vituo vyao na kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Mtu akiwa ameketi mbele ya mashine, kunyamaziwa ndiko kunakomuudhi.

Kwa hiyo mtu akikuuliza ipi bora kati ya hizi mbili, muulize kwanza kazi zake zinafananaje. Zikitofautiana sana urefu, na ndefu zikaweza kutangulia, zamu kwa zamu itashusha wastani. Zikilingana, itaupandisha. Kama zote ni n na zinalingana, kila moja itasubiri karibu urefu wa zile nyingine zote, yaani takriban mara n toa moja ya urefu wake. Kumbukeni hesabu hiyo, tutaiona kwa macho baadaye.

Sasa ukubwa wa kipande. Kuna imani kwamba kadiri kipande kinavyopungua ndivyo wastani unavyoshuka sawasawa, kama mtu anayeteremka ngazi. Tujaribu kwa kazi zetu za kwanza, zile za 20, 4, 6 na 2. Kipande cha 2 kinatoa wastani wa 9.5. Kipande cha 4 kimetoa 10.5. Kipande cha 5 kinatoa 11.75. Kipande cha 6 kinatoa 11. Mmeona? Kutoka 5 kwenda 6 wastani umeshuka badala ya kupanda. Na kipande cha 1 kinatoa 9.75, kibaya kuliko cha 2.

Mhusika wa hapo kwenye 5 ni C. Kazi yake ni 6. Akipewa 5 anabakiwa na milisekunde 1, na kwa ajili ya hiyo moja anarudishwa mwisho wa foleni, anamsubiri D amalize, kisha anamsubiri A ale kipande kizima cha 5. Anatoka saa 22, amesubiri 16. Akipewa 6 anamaliza pale pale saa 16, amesubiri 10. Kwa hiyo kipande kizuri ni kile ambacho kazi nyingi fupi zinatosha ndani yake bila kuacha mabaki. Kikiwa kifupi kidogo tu kuliko kazi zako za kawaida, umechagua pabaya. Na kikiwa si kifupi kuliko kazi yoyote, kwa mfano 20 hapa, hakuna anayetolewa, na umerudi kwenye aliyetangulia kwanza, ila umebadilisha jina.

Kuna gharama ambayo hesabu za karatasini huiacha. Msagaji akitoka kwenye mahindi kwenda kwenye wimbi, lazima aache mashine imalize iliyomo, akung'ute, na unga wa kwanza unaotoka umechanganyika. Prosesa nayo ikibadilisha kazi, inahifadhi rejista za anayetoka, inapakia za anayeingia, na kumbukumbu ya karibu, yaani keshi, bado imejaa data ya yule aliyeondoka. Tuseme badiliko moja linakula mikrosekunde 5. Kwa kipande cha milisekunde 10, hiyo ni 5 katika 10,005, haina uzito. Kwa kipande cha mikrosekunde 50, ni 5 katika 55, karibu asilimia 9 ya prosesa imekwenda kwenye kukung'uta mashine. Na hiyo bila kuhesabu ule mwanzo wa polepole wakati keshi inajazwa upya, ambao mara nyingi huzidi badiliko lenyewe.

Turudi kwenye masharti ya fupi kwanza. La kwanza lilikuwa kwamba wote wameshafika. Katika maisha hawafiki pamoja. Tuseme A anafika saa 0, B saa 1, C saa 2, D saa 3, kwa urefu ule ule. Saa 0 yuko A peke yake. Fupi kwanza inaangalia foleni, inamkuta mmoja, inamwingiza. Na kama sheria ni kwamba aliyeingia hatolewi, ataketi humo hadi saa 20. Kisha D, B, C. Kusubiri kunakuwa 0 kwa A, 17 kwa D, 21 kwa B, 24 kwa C, wastani 15.5. Aliyetangulia kwanza angetoa 17. Kumbe ubora wote tuliousifu umeyeyuka hadi tofauti ya moja na nusu, kwa sababu tu mwenye gunia alifika milisekunde moja mapema.

Dawa yake ni kuruhusu kutoa. Kila anapofika mpya, mfumo unalinganisha urefu wake na kile kilichobaki kwa aliye ndani, na mwenye kidogo ndiye anayebaki. Saa 1, B wa 4 anamtoa A aliyebakiwa na 19. Saa 2, C wa 6 anafika, B kabakiwa na 3, B anaendelea. Saa 3, D wa 2 anafika, na B kabakiwa na 2 vile vile. Wamelingana, tumwache aliye ndani. B anatoka saa 5, D saa 7, C saa 13, A saa 32. Kusubiri ni 12 kwa A, 0 kwa B, 5 kwa C, 2 kwa D. Wastani ni 4.75. Ukimpa D pale walipolingana, B atasubiri 2 na D 0, na wastani haubadiliki.

Lakini katika zamu kwa zamu kulingana kunabadilisha jibu, na hapa nazungumza hasa na walimu wanaosahihisha. Kwa kazi hizo hizo na kipande cha 2, saa 2 kamili mambo mawili yanatokea kwa pamoja: kipande cha A kimeisha, na C anafika. Nani atangulie kwenye foleni? Ukimweka C mbele ya A, kusubiri kunakuwa 12, 7, 10 na 5, wastani 8.5. Ukimweka A mbele ya C, kunakuwa 12, 7, 12 na 5, wastani 9. Majibu yote mawili ni sahihi kwa sheria yake. Mwanafunzi aandike sheria aliyoitumia kwenye mstari wa kwanza, na mwalimu anayetunga swali aitaje ndani ya swali. Alama zinapotea hapa bila mtu kukosea chochote.

Sharti la pili, kujua urefu kabla, ndilo gumu zaidi. Pale kisiagini unaliona gunia kwa macho. Prosesa haioni. Programu haiji na kibandiko cha milisekunde. Kinachowezekana ni kukisia kutokana na zamu zilizopita, na kanuni iliyozoeleka ni hii:

```
kisio_jipya = a * muda_halisi + (1 - a) * kisio_la_zamani
```

Tuchukue a kuwa 0.5 na kisio la kuanzia kuwa 8. Zamu ya kwanza kazi ikachukua 4, kisio linakuwa 6. Ikachukua 4 tena, kisio 5. Mambo yanakwenda vizuri. Zamu ya tatu mtumiaji akafungua faili kubwa, ikachukua 20. Kisio linaruka hadi 12.5. Zamu inayofuata kazi imerudi kwenye 4 yake ya kawaida, lakini imeingia foleni ikiwa imevikwa 12.5, na inawekwa nyuma ya kazi ya 10 ambayo kwa haki ingepaswa kuifuata. Baada ya hapo kisio linashuka hadi 8.25, bado mara mbili ya ukweli. Ukipunguza a, ruko moja halitakutikisa sana, lakini kazi ikibadilika tabia kweli utachelewa kutambua. Kwa hiyo mkiona wastani wa fupi kwanza kwenye kitabu, ujueni ni wa mpangaji anayejua yajayo. Wa kwenye mashine utakuwa juu yake.

Na sasa lile lililonifanya nichague kichwa cha hotuba hii. Tuseme tuna fupi kwanza yenye ruhusa ya kutoa. Mwenye gunia, A wa 20, yuko foleni. Kila baada ya milisekunde 5 inafika kazi mpya ya milisekunde 5. Ya kwanza inafika saa 0, inamaliza saa 5. Papo hapo inafika nyingine, inamaliza saa 10. Na nyingine. A hapati hata milisekunde moja, si leo wala kesho, mradi wanaendelea kuja. Sasa hesabuni wastani wa kusubiri wa kazi zilizomalizika. Kila moja imeingia ilipofika. Kusubiri ni sifuri. Wastani ni sifuri. Ripoti inasema hakuna mfumo bora kuliko huu duniani, wakati kuna mtu ana njaa mlangoni. Hayumo kwenye wastani kwa sababu hajamaliza, na hajamaliza kwa sababu ananyimwa.

Nawasihi mlibebe hilo mkienda kufanya kazi kwenye seva za hospitali, za saccos, za kaunti. Ukipewa wastani, omba pia kusubiri kwa aliyesubiri zaidi ya wote, na idadi ya ambao bado wako foleni pamoja na muda walioingia. Namba hizo mbili zingemfichua A mara moja. Dawa yenyewe ni ya kale na inafanya kazi: umri. Kila kazi inavyokaa foleni, kipaumbele chake kinapandishwa kidogo kidogo, hadi inafika siku hata kazi ya milisekunde 5 haiwezi kuipita. Wastani utapanda kidogo. Hiyo ni bei ya kumtoa mtu njaa, na inafaa kulipwa.

Nimalizie kwa jambo la kufanya kwa mikono, kwa sababu haya yote yanaweza kupimwa kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, hata ile kuukuu. Linux haitumii raundi robin tupu kwa programu za kawaida. Tangu toleo 2.6.23 la mwaka 2007 ilitumia mpangaji aitwaye CFS, na toleo 6.6 la mwaka 2023 likaleta EEVDF. Wote wawili wanalenga kumpa kila mmoja sehemu sawa ya prosesa, kwa hiyo kwa kazi zinazolingana mtaona tabia ile ile ya zamu kwa zamu. Andikeni hivi kwenye terminali:

```
W='i=0; while [ $i -lt 3000000 ]; do i=$((i+1)); done; cat /proc/$$/schedstat'
taskset -c 0 sh -c "$W"
for k in 1 2 3; do taskset -c 0 sh -c "$W" & done; wait
```

Mstari wa pili unaendesha kazi moja peke yake. Wa tatu unaendesha nakala tatu kwa pamoja, zote zimefungiwa kiini namba 0. Kila nakala ikimaliza inachapisha namba tatu kutoka kwenye faili la `schedstat`. Ya kwanza ni muda iliyokaa ndani ya prosesa, kwa nanosekunde. Ya pili ndiyo tunayoitafuta leo, muda iliyosubiri kwenye foleni, nao kwa nanosekunde. Ya tatu ni idadi ya zamu ilizopewa.

Kazi ikiwa peke yake kwenye mashine iliyotulia, namba ya pili ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kwanza. Zikiwa tatu, mtaona ya pili inakaribia mara mbili ya ya kwanza kwa kila nakala. Ndiyo ile n toa moja tuliyoiacha njiani: kazi tatu zinazolingana, kila moja inasubiri urefu wa wenzake wawili. Zote tatu zinachapisha karibu wakati mmoja, mwishoni, kama wale watu wanne wa madebe sawa.

Kisha ondoeni alama ya `&`, muweke `;` mahali pake, mziendeshe moja baada ya nyingine. Jumla ya muda itakuwa karibu ile ile, lakini ya kwanza itachapisha theluthi ya njia. Msidanganywe na namba ya pili hapo. Nakala ya tatu itaonyesha kwamba haikusubiri, kwa sababu ilikuwa haijazaliwa. Kusubiri kwake kulikaa ndani ya shell, ile programu inayopokea amri zenu kwenye terminali, na hakuna faili lililokuhesabu. Hiyo mnapaswa kuijumlisha wenyewe kwa saa ya ukutani.

Na mkiona nakala tatu za pamoja lakini namba ya pili iko karibu na sifuri, angalieni kama mmesahau `taskset -c 0`. Bila hiyo, mashine yenye viini vinne inampa kila mmoja kiini chake, na foleni mliyokuja kuipima haipo.